Visawe peke yake havitoshi

"Nimebadilisha maneno yote kwa visawe, mbona mkufunzi wetu hapa Tabora anasema nimenakili?"

Ndugu, visawe vyako vimekaa juu ya muundo uleule wa sentensi ya mtafiti. Soma matokeo, funga makala, andika kwa mpangilio wako, kisha ulinganishe na asili, kwa mfano: Katika nchi 9 za Ulaya, kila mgonjwa aliyeongezeka kwa muuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 (Aiken na wenzake, 2014). Takwimu zibaki zilivyo, wala "kuambatana" kusigeuzwe "kusababisha", kosa ambalo kwangu ni zito kuliko visawe. Rejeo huwekwa hata kama maneno yote ni yako.