Maswali yenu: zile sekunde sita ambazo hazipo

Wiki hii nimechagua yanayohusu kupima sini za watu na kutengeneza shoti listi, maana inboksi imejaa na nusu ya maswali ni lile lile moja limevaa mashati tofauti.

"Bro fomula ya wastani wa urefu wa shoti ni ipi?"

Sekunde za sini nzima gawanya kwa idadi ya shoti. Na ukihesabu mikato badala ya shoti zenyewe, ongeza moja. Basi.

"Kaka nimepima sini moja ya tamthilia, baba na mwanae wanagombania hati ya kiwanja sebuleni, ni dakika 2 na sekunde 24, ina shoti 24, wastani ni sekunde 6. Nimeandika shoti listi ya shoti 24 za sekunde 6 kila moja, tunaingia lokesheni Jumamosi. Iko sawa?"

Haiko sawa, na afadhali umeuliza kabla ya Jumamosi.

Hesabu yako ni sahihi, 144 gawanya kwa 24 ni 6, hapo sina neno. Lakini nilikuomba unitumie karatasi yako nikaikagua mstari kwa mstari. Shoti ya kwanza, ile waidi ya sebule, ina sekunde 38. Ya mwisho, waidi ile ile baba akiwa amebaki peke yake, ina 16. Zilizobaki 22 zinagawana sekunde 90, nne zina sekunde 2, sita zina 3, sita zina 4, tatu zina 5, mbili zina 7 na moja ina 11. Sasa niambie, shoti ya sekunde 6 iko wapi? Hakuna. Hata moja! Umeandika listi nzima kwa urefu ambao kwenye sini yenyewe haupo kabisa.

Ndiyo maana kila siku nawapigia kelele, pigeni wastani NA namba ya katikati, yaani panga shoti kuanzia fupi mpaka ndefu halafu chukua inayokaa katikati. Yako inatoka 4. Wastani 6, katikati 4, huo mwanya ndio unakwambia kuna shoti chache ndefu zimeuvuta wastani juu. Namba hizo mbili zikikaribiana sana ndio unaweza kuanza kufikiri kwamba edita alikata kwa mwendo mmoja, na hata hapo tazama shoti zenyewe kwanza. Kwenye spredishiti ni mistari mitatu tu, urefu ukiwa kolamu D na aina ya shoti kolamu E:

```
=AVERAGE(D2:D25)
=MEDIAN(D2:D25)
=SUMIF(E2:E25,"W",D2:D25)
```

Huo wa tatu unajumlisha sekunde za waidi peke yake na watu wanauruka. Kwenye sini yako waidi ni 2 kati ya 24, ukihesabu kwa idadi utasema waidi ni kitu kidogo tu, kama asilimia 8. Hesabu kwa muda sasa, sekunde 54 kati ya 144, zaidi ya theluthi ya sini umekaa mbali unawatazama hawa wawili wakizungukana. Mwongozaji wa hiyo sini alikuachia nafasi uone umbali kati ya baba na mtoto kabla hajaanza kuruka uso kwa uso. Ukiondoa hiyo waidi ukaweka vishoti vya sekunde sita sita, mdundo wake haupo tena, utakuwa umebaki na ugomvi wa hati basi.

Haya, kosa la pili, na hili ndilo linalowamalizia watu jua. Shoti 24 kwenye taimulaini sio mara 24 za kuweka kamera. Angalia tena karatasi yako: waidi 2, ova-sholda ya baba inayomtazama kijana 7, ova-sholda ya kijana inayomtazama baba 6, klozapu ya kijana 4, klozapu ya baba 3, mikono na hati 2. Zile ova-sholda 7 zote ni kamera moja, lenzi moja, taa zile zile, edita ndiye aliyeikata vipande saba. Hiyo ndiyo setapu moja. Kwa hiyo sini yako ina setapu 6, na shoti listi yako iwe na mistari 6. Kikosi chetu kidogo tunahesabu kama dakika 40 kwa setapu, kupanga taa, mazoezi, kurudia mara tatu nne. Setapu 6 ni saa 4. Mistari yako 24 ukiifuata kama ulivyoandika ni saa 16, mama mwenye nyumba atakuwa ameshawafukuza saa nyingi.

Najua kwa sababu nilishafanya. Miaka hiyo niliingia kwenye nyumba ya watu na listi ndeeefu ya shoti ishirini na kitu, nazifuata kwa mpangilio wa kwenye filamu, tunampiga baba tunageuza taa tunampiga mtoto tunageuza tena taa, adhana ya Magharibi inaita dirishani na klozapu ya baba hatujaigusa. Kurudi kesho yake jua la dirishani limehamia ukuta mwingine. Sini hiyo mpaka leo haina uso wa baba pale anapokubali, kuna kisogo tu.

Kwa hiyo Jumamosi fanya hivi. Anza na waidi, sini yote mwanzo mpaka mwisho bila kukata. Kisha baki upande mmoja, ova-sholda inayomtazama kijana, na hapo hapo kabla taa hazijahama sogea umpige klozapu. Ndipo mgeuze kila kitu mara MOJA mumtazame baba, ova-sholda halafu klozapu. Mikono na hati mwisho, hiyo hata jua likikaa vibaya unaifichia na kipande cha shuka.

Na kwenye kila mstari usiandike sekunde, andika maneno. "Kuanzia 'hati iko wapi' mpaka 'mimi ni mzazi wako'." Ova-sholda zako ziende mazungumzo yote yale ya sekunde 90 na zianze sentensi moja kabla, maana mkato wa sekunde 3 edita anauchagua yeye baadaye, mahali ambapo kijana amemeza mate au baba ameangalia pembeni, na wewe Jumamosi hujui bado atameza mate wapi. Klozapu tu ndio unaweza kuibana ianzie katikati, pale ugomvi unapopanda. Ukimwambia muigizaji acheze sekunde sita halafu "kata", utapata watu wanaotoa sentensi moja moja kama wanasoma matangazo ya vifo redioni.

"Sini ya kwangu bado sijaipiga, sasa huo wastani wa sini ya mtu unanisaidia nini?"

Unakusaidia kukisia, na kukisia tu. Sini yako ikiwa sekunde 90 na unataka mwendo wa ile ya wastani wa 6, tegemea kama shoti 15 kwenye editi, ndipo ujiulize hizo 15 zinatoka kwenye setapu ngapi, nne? tano? Ila hizo sekunde 90 usizitoe kwenye idadi ya kurasa. Ile ya ukurasa mmoja dakika moja ni ya skripti iliyopangwa kwa fomati ya Holiwudi, kwa herufi zake na majongeo yake, sio skripti uliyoandika Wasapu. Shika stopuwochi, msome kwa sauti, na msisahau salamu. Kijana akiingia kwa baba kuna shikamoo, kuna marahaba, kuna kukaa chini, hapo sekunde kumi zimeenda na hakuna aliyesema kitu cha maana bado.

"Mimi sihesabu kwa macho, natumia ffmpeg, lakini imeniletea mikato 30 wakati rafiki yangu amehesabu shoti 24. Nani muongo?"

Hakuna muongo, ila mashine haijui shoti ni nini. Nadhani ulitumia hii:

```
ffmpeg -i sini.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)',showinfo" -f null -
```

Inachofanya ni kulinganisha picha na picha iliyotangulia, tofauti ikizidi 0.3 inakuandikia mstari wenye `pts_time`, yaani sekunde ambapo kitu kimebadilika. KITU, sio lazima mkato. Umeme umekatika na kurudi, radi, mtu kapita mbele ya lenzi, tivii ya nyuma imebadilisha rangi, zote inakuandikia. Shoti 24 ni mikato 23, kwa hiyo una 7 za ziada, nenda kwenye hizo sekunde ukaangalie, nina hakika utakuta kitu kinawaka. Usikimbilie kupandisha iwe 0.5 ndio mambo yatulie, maana hapo itaanza kuzimeza ova-sholda zenye ukuta wa rangi moja nyuma, na hizo ndizo unazozitafuta. Na picha inayoyeyuka taratibu kuingia nyingine inaweza kuikosa kabisa, kwa sababu hakuna fremu moja iliyobadilika ghafla. Itumie ikupe taimu, kisha pita na macho yako. Kwa sini ya dakika mbili ni robo saa, acha uvivu.

"Midiamu inaishia wapi na klozapu inaanzia wapi?"

Mimi nakata hivi: uso na shingo ni klozapu, kifua kwenda juu ni midiamu klozapu, kiuno kwenda juu ni midiamu, mwili mzima ni waidi. Mwingine atakwambia tofauti kidogo, sawa, chagua yako usiibadilishe katikati ya karatasi maana hesabu yote itaharibika. Shoti ikianza waidi kamera ikasogea mpaka usoni, andika zote mbili na mshale katikati, usiitie kwenye kapu moja.

"Wastani mzuri wa bongo muvi ni sekunde ngapi?"

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka. Hakuna. Mtafiti wa filamu David Bordwell alihesabu filamu za Holiwudi za 1930 mpaka 1960 akakuta nyingi ziko kati ya sekunde 8 na 11, baadaye zikaja kuwa fupi zaidi, na hizo ni namba za filamu NZIMA, hapo ndani kuna sini ya mapigano na sini ya msiba zimechanganywa sufuria moja. Ukiichukua namba hiyo ukaipachika kwenye sini yako ya sebuleni umefanya nini? Pima sini inayofanana na yako, watu wawili kwa watu wawili, ugomvi kwa ugomvi.

"Nipime kwa sekunde au kwa fremu?"

Sini za maongezi sekunde zinatosha, weka na desimali moja. Ngumi na miziki pima kwa fremu, kwa 25 kwa sekunde shoti ya fremu 12 ukiiandika "sekunde 1" umeizidisha zaidi ya mara mbili.