Gego la mwisho na metronidazo

"Fizi ya gego la mwisho imevimba, duka la dawa hapa Ujiji wamenipa metronidazo, mwingine akasema ni amoksilini. Metronidazo inatosha?"

Haitoshi. Mabaki ya chakula yamenasa chini ya fizi iliyofunika jino, na kidonge hakiyatoi. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue kila baada ya kula. Ukiyapuliza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji hayo hufika chini ya fizi vizuri zaidi. Aliyesema amoksilini yuko sawa nusu: yoyote kati ya hizo ni ya mwenye homa au uvimbe unaosambaa. Metronidazo kwa mtu mzima ni miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 3, bila pombe. Mdomo ukigoma kufunguka, kumeza kukawa shida au uvimbe ukashuka shingoni, nenda hospitali ya Maweni leo hii. Ikijirudia, daktari wa meno apige picha aamue kung'oa.