Utumbo Unaoonekana Mzima: kwa mnaoanza kuchukua na kusoma vinyama vya ukuta wake

Fomu ya kwanza ya mama huyu ilikuwa na mstari mmoja tu: "Kolonoskopi ya kawaida, hakuna kinyama kilichochukuliwa." Alikuwa na miaka 63. Kwa miezi saba alikuwa akiharisha maji matupu, bila damu, mara sita hadi nane kwa siku, na usiku aliamka mara mbili kukimbilia chooni. Alikuwa ameshapewa metronidazo mara tatu. Choo kilipimwa na hakikuonyesha amiba wala giadia, na kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Baada ya kolonoskopi hiyo aliambiwa tumbo lake lina wasiwasi.

Nyinyi mnaoanza kushika kamera, hapo ndipo nawaomba msimame. Tumbo la wasiwasi kwa kawaida halimwamshi mtu usingizini. Mama wa umri huo anayeharisha maji kwa zaidi ya mwezi, na maambukizi yameshatafutwa yakakosekana, hajamaliza kupimwa mpaka vinyama vichukuliwe, hata kama ukuta wa utumbo unang'aa vizuri na mishipa yake inaonekana yote. Ugonjwa wa kutafuta hapo ni kolaitisi ya hadubini, yaani uvimbe wa utumbo mpana unaoonekana kwa hadubini tu; hauachi kidonda cha kuonwa kwa kamera. Badiliko lenyewe ni la unene wa mikroni kumi na kitu, yaani kama sehemu moja ya mia ya milimita, nalo limejificha chini ya tabaka la juu la seli.

Mama alirudishwa, na safari hii daktari alichukua vinyama viwili kutoka utumbo mpana unaopanda, upande wa kulia, viwili kutoka unaoshuka, upande wa kushoto, na kimoja kwenye puru. Kila eneo liliwekwa kwenye chupa yake ya fomalini na kuandikwa jina. Msichanganye chupa, wala msiridhike na puru peke yake kwa sababu ni rahisi kuifikia. Kinyama chake cha puru kilikuwa karibu na kawaida. Kingekuja hicho tu, ningemwandikia mzima.

Kwenye vile vya kulia niliona mstari wa waridi, mpana, umelala chini ya seli za juu. Huo ni kolajeni. Kwa kukadiria unene wake, tafuteni chembe nyekundu ya damu kwenye slaidi hiyohiyo: upana wake ni mikroni 7 hivi. Tabaka la kawaida ni jembamba kuliko chembe hiyo. Likizidi mikroni 10, tunaita kolaitisi ya kolajeni. La mama lilikuwa kama chembe mbili na nusu zikipangwa pamoja, na ukingo wake wa chini ulikuwa umechakaa, umenasa mishipa midogo ya damu ndani yake. Seli za juu zilikuwa zimeanza kubanduka. Vishimo vya tezi vilibaki vimesimama sawa kama vidole, jambo linaloitenga na kolaitisi ya vidonda, ambayo huvipinda na kuvipunguza.

Pacha wake ni kolaitisi ya limfosaiti. Huko mstari haunenepi, ila limfosaiti zinajipenyeza katikati ya seli za juu, 20 au zaidi kwa kila seli 100. Hesabuni kwa kweli, msikadirie kwa jicho. Tena someni historia, kwa maana maambukizi yanayopona nayo huziongeza.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kwenye ukataji. Kinyama kikilazwa ubavu ndani ya nta, wembe hupita mshazari na tabaka jembamba huonekana nene. Niliwahi kutoa jibu la kolajeni kwa mgonjwa asiye nayo, na mkubwa wangu akalirudisha. Tangu hapo napima tu pale ambapo vishimo vitatu au vinne vinaonekana kwa urefu wote, vimepangana. Nikiwa na shaka naomba rangi ya trikromu ya Masson, ambayo huipaka kolajeni bluu.

Jibu lilipotoka, daktari aliuliza swali ambalo fomu haikuwa nalo: mama anameza nini? Diklofenaki ya magoti kila siku, na lansoprazo ya kulinda tumbo. Zote mbili zimehusishwa na ugonjwa huu. Zilisimamishwa, akaanzishiwa budesonaidi miligramu 9 kwa siku kwa wiki nane. Wiki ya pili choo kilianza kushikana na akalala usiku mzima.

Miezi mitatu baada ya kuacha dawa, maji yakarudi. Hilo hutokea kwa wagonjwa wengi, na halikuhitaji kolonoskopi nyingine. Alirudishiwa budesonaidi, kisha dozi ikashushwa polepole hadi miligramu 3, na hapo ndipo alipo sasa.