Soma anwani kuanzia kulia: nilichojifunza baada ya kuibiwa akiba yangu

Juzi usiku dada mmoja, msomaji wangu, aliniandikia: "Kaka, naomba unitazamie hii. Ni benki yangu kweli au ni matapeli?" Akaambatanisha picha ya skrini. Nembo ipo, rangi za benki zipo, jina la mtumaji limeandikwa bila kosa, na chini kuna kitufe kikubwa cha "Thibitisha akaunti". Nikamjibu kwamba kwenye picha ile hakuna hata kimoja ninachokihitaji. Nilitaka vitu viwili tu: anwani kamili ya aliyetuma, na anwani iliyojificha nyuma ya kile kitufe.

Nilimjibu papo hapo kwa sababu najua uchungu wake. Miaka miwili iliyopita nilipokea ujumbe wa aina hiyohiyo, asubuhi, nikiwa natembea huku naangalia simu. Uliandikwa kwamba akaunti yangu itafungwa baada ya saa ishirini na nne. Niliangalia jina la mtumaji, nikaona jina la benki yangu, nikabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulifanana na ule ninaoutumia kila wiki. Nikaweka paswedi. Ukaniomba namba ya siri ya mara moja, na namba ikaingia kweli kwenye simu yangu, kutoka benki yenyewe. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilidhani kama benki imetuma namba, basi niko mahali salama. Kumbe wakati naandika paswedi kwenye ukurasa wao, wao walikuwa wanaiandika kwenye ukurasa halisi wa benki, na namba ile ilikuwa ya kuwafungulia wao mlango. Akiba ya miezi saba iliondoka kabla sijamaliza kutembea. Benki iliniambia namba niliitoa mwenyewe. Mpaka leo sentensi ile inaniuma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jina linaloonekana juu ya barua pepe anajiandikia mtumaji. Anaweza kuandika jina la benki, la rais au la mama yako, na hakuna anayemkagua. Kwenye simu, programu nyingi zinaonyesha jina hilo peke yake, kwa hiyo libonyeze ili anwani yenyewe itokee. Sehemu ya kusoma ni ile iliyo baada ya alama ya @. Kabla yake mtu anaweza kuandika "usalama" au "huduma" apendavyo.

Linki nayo usiiguse kwa kuiparamia. Kwenye simu, bonyeza na kushikilia mpaka kidirisha kitokee chenye anwani yake. Kwenye kompyuta, weka mshale juu yake bila kubonyeza, na anwani itaonekana pembeni chini ya kivinjari. Fanya hivyo hata kama maandishi ya linki yenyewe ni anwani ya benki. Maandishi yanayosomeka na mahali linki inakokupeleka ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi niliumizwa na tofauti hiyohiyo.

Dada yule alipofanya hivyo, alinitumia hii. Nimebadilisha majina na kuweka miishio ya .example na .test, ambayo imetengwa kwa ajili ya mifano na majaribio:

```
https://benkiyangu.example.uhakiki-akaunti.test/ingia
```

Jicho letu linaanza kushoto, likikutana na "benkiyangu.example" linatulia. Matapeli wanalijua hilo. Wewe anza hivi: tafuta `://`, kisha nenda mpaka kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani alama ya `/`. Kipande kilicho katikati ndicho chenye maana. Sasa kisome kuanzia kulia. Mwisho kabisa kuna "test", kabla yake kuna "uhakiki-akaunti". Ukiviunganisha, `uhakiki-akaunti.test`, umempata mwenye nyumba, na jina hilo ndilo linaloitwa kikoa. Vyote vilivyo kushoto kwake ni vyumba anavyovipa majina mwenyewe, na chumba kimoja amekiita kwa jina la benki yako. Hiyo ndiyo siri yote. Nchi nyingine zina miishio ya vipande viwili, kama `.co.uk`, hapo unahesabu vipande vitatu badala ya viwili.

Yaliyo baada ya mkwaju nayo yasikushughulishe. Na ukikuta alama ya @ katikati ya kipande kile, kama `https://benkiyangu.example@uhakiki-akaunti.test`, ujue unakopelekwa ni baada ya @. Kilicho kabla yake kivinjari hakikichukulii kama mahali pa kwenda.

Kuna jambo moja lilimchanganya dada yule, na lingenichanganya hata mimi zamani. Anwani ya mtumaji ilikuwa sahihi herufi kwa herufi. Baada ya @ palikuwa na `benkiyangu.example`, hakuna r na n zilizobanana zikajifanya m, hakuna namba 1 iliyojifanya l. Inawezekanaje? Ni kwa sababu hata mstari wa mtumaji unaweza kughushiwa, kama mtu anavyoweza kuandika anwani ya mwenzake nyuma ya bahasha. Nikamwambia aufungue ujumbe kwenye kompyuta. Anatumia Gmail, kwa hiyo alibonyeza vidoti vitatu, kisha "Show original". Juu ya ukurasa ule kuna mistari ya SPF, DKIM na DMARC, yaani majibu ya ukaguzi wa kama ujumbe umetoka kweli kwa anayetajwa. Mstari wa DMARC ulisema FAIL, maana yake ujumbe haukuthibitika kwamba umetoka kwenye kikoa kilichoandikwa kwa mtumaji. Mwenye kikoa asipoagiza ujumbe wa namna hiyo ukataliwe, unaweza kufika kwenye sanduku lako kama kawaida.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana watu wengi wakijua hili wanateleza upande wa pili. PASS haimaanishi ni benki. Tapeli akisajili `uhakiki-akaunti.test` na kuipanga vizuri, ujumbe wake kutoka kikoa hicho utapata PASS, kwa sababu kweli umetoka kwake. Ni sawa na kufuli linaloonekana kwenye kivinjari: linakuambia mawasiliano yenu yamefichwa wengine wasiyasome, halikuambii unaongea na nani. Ndiyo maana hatua ya kusoma kikoa kuanzia kulia haiwezi kurukwa. Kwanza jua ni kikoa gani, ndipo uulize kama kimethibitika.

Utajuaje kikoa sahihi cha benki yako? Usikitoe kwenye ujumbe unaoutilia shaka. Kitazame kwenye kadi yako, kwenye mkataba wa akaunti, au ndani ya programu ya benki uliyokwisha kuisakinisha. Mimi nimekiandika kwenye daftari.

Dada yule hakuwa amebonyeza kitu. Alifungua programu ya benki mwenyewe, hakukuta onyo lolote, akauripoti ujumbe kwa benki. Kesho yake akanitumia mwingine, taarifa ya akaunti ya mwezi. Safari hii mtumaji alikuwa sahihi na DMARC ilisema PASS, ila linki ilikwenda kwenye kikoa ambacho hatukukijua. Hapo kusoma anwani kukafika mwisho wake, kwa sababu makampuni mengi hupitisha linki zao kwenye huduma za kuhesabu nani amebonyeza, na kwa macho huwezi kuitofautisha huduma halali na mtego. Nikamwambia aiache linki, aingie kwenye programu. Taarifa ya mwezi ilikuwa inamsubiri humo.