Silingi ya chumba cha mita 3.9 kwa 3.3: bodi, mbao na misumari

"Wakuu, chumba changu ni mita 3.9 kwa 3.3, nataka jipsamu bodi. Fundi mmoja kasema bodi 5, mwingine 6. Mbao nazo kila mtu na idadi yake. Nani yuko sahihi, na ninunue misumari kiasi gani?"

Mkuu, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Inategemea bodi zinalala upande gani. Bodi ni mita 1.2 kwa 2.4. Ukizilaza kufuata ule upande wa 3.9, utamaliza 6, labda ukubali viraka. Zilaze kufuata 3.3: mstari mmoja ni bodi nzima na kipande cha sentimita 90. Mistari mitatu inakula bodi nzima 3, na vile vipande vitatu vinatoka kwenye bodi 2. Unabaki na ukanda wa sentimita 30 ukutani, ambao unapatikana kwenye masalia ya bodi ya tano. Kwa hiyo ni 5, ila hakuna ya akiba, na bodi ikivunjika kona njiani umekwama. Mimi ningenunua 6.

Pima baada ya plasta, na upime kule juu silingi itakapokaa. Kuta nyingi haziko mraba kamili, na huo ukanda wa 30 ndio utakaobeba tofauti.

Sasa blandaring, ile fremu ya mbao inayobeba bodi. Mbao 2x2 zikatize bodi, yaani zikimbie kufuata 3.9. Watu wengi huziachia sentimita 60, na kwa bodi ya milimita 9 hapo ndipo tumbo linapotokea. Usizidishe 45. Lakini usigawanye sawasawa tu, kwa sababu maungio ya bodi lazima yaangukie katikati ya mbao. Mstari wa kwanza anza na bodi nzima, wa pili anza na kipande cha 90, ili maungio yasifuatane, yataangukia 2.40 na 0.90. Toka ukutani weka mbao kwenye 0.45, 0.90, 1.275, 1.65, 2.025, 2.40 na 2.85. Ni mbao 7, na hakuna nafasi inayozidi 45. Ule ukanda mwembamba nao ukate uungane kwenye 1.275 na 2.025.

Mtego uko kwenye urefu. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66 tu, haifiki 3.9. Mistari 7 na miwili ya ukutani inakula mbao 9, pamoja na mbili za kukata vipande vya kuungia. Ungia chini ya kenchi, ubavuni piga kipande cha kushikilia, na upande wa kuanzia ubadilishe mbao kwa mbao ili maungio yasiwe mstari mmoja. Kuta mbili za 3.3 ni mbao 2. Vipande vya kukatiza chini ya maungio marefu ya bodi, kwenye 1.2, 2.4 na 3.6, viko 24 na vinatoka kwenye mbao 3. Hapo ni 16.

Mbao za kuning'iniza blandaring kwenye kenchi hesabu kwa makutano yake. Kenchi zikifuata upande wa 3.3, zikiachana mita 1.2, zitakuwa 3 juu ya chumba: 3 mara 7 ni sehemu 21. Vipande vya sentimita 30 vinakula mbao 2. Jumla 18, nunua 19 maana lazima moja itakuwa imepinda. Kenchi zikifuata upande wa 3.9, zitakuwa sambamba na blandaring. Pitisha kwanza mbao za 2x4 juu ya kenchi kukatiza, ndipo uning'inize.

Misumari: inchi 4 kwa mbao za kuning'iniza, miwili kila mwisho, pamoja na maungio, ni kama 120. Kilo 2 zinatosha. Ncha ikitokeza, ikunje. Inchi 3 kwa vipande vya kukatiza na ncha za blandaring, ipigwe kwa mshazari, kama 125. Kilo moja inakaribia kuisha, hivyo chukua moja na nusu. Ukutani misumari ya zege ya inchi 4, kila sentimita 40, ni 36. Nunua 45 kwa sababu mingine hupinda. Mbao za ukutani ndizo zinaanza, zikisawazishwa kwa mpira wa maji, kisha kamba inavutwa kati yake.

Bodi zenyewe zifunge kwa skrubu za inchi moja na robo, si misumari. Weka kila sentimita 20, sentimita moja kutoka ukingoni, kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi. Kwa chumba hiki ni kama 350, chukua 400. Mbao zetu mara nyingi huuzwa zikiwa mbichi; zikikauka husinyaa, msumari unabaki palepale na kichwa kinatokeza kwenye rangi kama chunusi baada ya miezi michache. Skrubu nayo inaweza kutokeza, ila ni mara chache zaidi. Ukiona ufa ulionyooka badala ya chunusi, fungua hapo: mara nyingi utakuta ungio linaelea bila mbao nyuma yake.