Ripoti ndefu, mjumbe ana dakika tano

Swali: Ripoti ya ukaguzi wa saccos yetu hapa Kirumba ina kurasa 64, mjumbe wa bodi anataka ukurasa mmoja kesho. Naanzia wapi?

Anza na aina ya hati aliyotoa mkaguzi, safi au yenye shaka, kisha hoja za ukaguzi za mwaka jana ambazo hazijafungwa. Hoja iliyojirudia ina uzito hata kama fedha zake ni kidogo. Chukua hoja tatu tu, kila moja iwe na matokeo, hatari na pendekezo.

Mfano: "Mikopo 14 ya injini za mitumbwi, shilingi milioni 42, haina hati za dhamana kwenye majalada." Hayo ndiyo matokeo. Kwenye hatari usiandike "udhibiti dhaifu", hicho ni chanzo. Andika kwamba wavuvi wasipolipa, chama hakina cha kukamata. Pendekezo litaje mtu na tarehe: meneja akamilishe dhamana ndani ya siku 30, na bodi iamue kama mikopo mipya ya injini isimame. Weka namba ya hoja na ukurasa, mzee akitaka kuchimba achimbe. Menejimenti watakuomba ulainishe maneno ya mkaguzi. Usikubali.

— Mimi hunakili majibu ya menejimenti tu, yako mafupi tayari.

— Hayo ni utetezi, dada. Yanafaa, ila angalia kwanza kama mkaguzi ameyakubali.