Barua ya Kuomba Masharti Mapya ya Bima Mtawanyo, na Safu Moja Niliyoisahau

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Kigoma anayeshughulikia madai katika tawi la kampuni ya bima. Aliniandikia hivi: "Shikamoo baba. Makao makuu wamenitaka niwatumie takwimu za hasara zetu za magari kwa miaka mitano, kwa ajili ya barua ya dalali wa bima mtawanyo. Je, niwapelekee tulichokwisha kulipa tu, au na yale ambayo bado?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa kibarazani kwangu hapa Tabora, na nakiri kwamba moyo ulinienda mbio, kwa sababu swali hilo hilo, ambalo mimi sikumuuliza mtu, liliwahi kunifedhehesha mbele ya wakubwa wangu.

Nilifanya kazi ya madai katika tawi la Tabora kwa miaka tisa kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam, katika kitengo cha bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine. Kazi ya kwanza niliyopewa huko ilikuwa kuandaa barua ya kumwomba dalali atutafutie masharti mapya ya mkataba wetu wa magari, ambao, kama ilivyo mikataba mingi ya aina hiyo, ulikuwa unaanza tarehe 1 Januari. Ulikuwa mkataba wa ziada ya hasara. Maana yake ni kwamba katika kila tukio kampuni yetu ilibeba shilingi milioni 50 za mwanzo, na kampuni za bima mtawanyo zikabeba kinachozidi hapo, hadi milioni 150 nyingine. Tarakimu zote za makala hii nimezibadilisha ili kulinda siri za mwajiri wangu wa zamani, lakini uwiano wake ni ule ule.

Barua yenyewe niliiandika vizuri, na hadi leo sioni haya kusema hivyo. Nilitaja mkataba unaoisha, aina ya biashara, eneo la kijiografia, kiwango tunachobeba wenyewe, na makadirio ya ada za bima za mwaka unaokuja. Kilichoniangusha ni kiambatisho, yaani muhtasari wa historia ya hasara. Niliuchota kutoka katika daftari la malipo, kwa sababu tarakimu zake zilikuwa zimekaguliwa na mhasibu, nami niliamini kwamba tarakimu iliyokaguliwa ndiyo tarakimu ya kweli.

Katika daftari hilo, kwa miaka yote mitano, hasara iliyopita milioni 50 ilikuwa moja tu, ile ya milioni 80 ya mwaka wa kwanza. Milioni 30 zilizozidi ziliziangukia kampuni za bima mtawanyo. Jumla ya ada zetu za miaka hiyo mitano ilikuwa milioni 5,500. Ukigawanya milioni 30 kwa milioni 5,500 unapata takriban asilimia 0.55, na hicho ndicho kipimo cha kwanza anachokiangalia mtu wa bima mtawanyo: katika kila shilingi 100 za ada, ni kiasi gani kiliteketea ndani ya sehemu anayobeba yeye. Kampuni kiongozi, ambayo hupanga masharti kwanza na nyingine zikafuata, ilikubali kiwango cha asilimia 0.9. Mkurugenzi alinipongeza. Nilimpigia simu mke wangu Tabora kumweleza.

Katika wiki ya pili ya Desemba dalali alituandikia kwamba masharti yameondolewa. Afisa mmoja wa kampuni kiongozi alikuwa amekumbuka taarifa ya hasara ambayo sisi wenyewe tulimpelekea miaka miwili nyuma, kuhusu basi lililopinduka kati ya Urambo na Kaliua. Mikataba mingi ya aina hii huitaka kampuni ya bima itoe taarifa ya kila hasara inayokadiriwa kufikia nusu ya kiwango inachobeba, na ya kila ajali yenye kifo au majeraha makubwa hata kama kiasi chake bado ni kidogo. Taarifa ya basi lile ilikuwa na sahihi yangu. Faili nililifungua mimi nikiwa Tabora, majeruhi niliwatembelea mimi wodini, na akiba, yaani fedha tunayotenga kwa ajili ya madai yao ambayo bado hayajalipwa, niliikadiria mimi. Tulikuwa tumelipa milioni 45, kiasi kisichofika hata kwenye kizingiti cha mkataba, ndiyo maana basi halikuonekana katika muhtasari wangu. Lakini kesi za majeruhi watatu zilikuwa bado mahakamani, nasi tulikuwa tumezitengea akiba ya milioni 95. Hasara ya kweli ilikuwa milioni 140.

Mkubwa wangu alisema mbele ya kitengo kizima kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuleta watu wa matawini kufanya kazi za makao makuu. Maneno hayo sijayasahau, wala sikuyastahili, kwa sababu mtu wa tawini ndiye pekee aliyekuwa na habari ya faili lile. Kosa langu lilikuwa kuiacha habari hiyo Tabora nilipopanda treni.

Usiku ule niliuandika upya muhtasari wote, na hivi ndivyo ulivyotoka, kwa milioni za shilingi, kama hali ilivyokuwa tarehe 30 Septemba:

| Mwaka wa ajali | Ada | Kilicholipwa | Akiba ya madai | Hasara yote | Sehemu ya mkataba |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 900 | 80 | 0 | 80 | 30 |
| 2 | 1,000 | 38 | 0 | 38 | 0 |
| 3 (basi) | 1,100 | 45 | 95 | 140 | 90 |
| 4 | 1,200 | 20 | 42 | 62 | 12 |
| 5 | 1,300 | 0 | 30 | 30 | 0 |

Sehemu ya mkataba sasa ni milioni 132, na ukigawanya kwa ada za milioni 5,500 unapata asilimia 2.4. Mwenye kubeba hatari haishii hapo, kwa kuwa naye ana gharama zake na anahitaji faida. Njia ya kawaida ni kuigawanya asilimia hiyo kwa 0.8, na hapo unapata asilimia 3. Kwa ada tulizokadiria za mwaka uliokuwa unakuja, milioni 1,400, hiyo ni milioni 42. Sisi tulitozwa asilimia 3.4, yaani milioni 47.6. Hakuna aliyeniambia ile tofauti ya milioni 5.6 ilitoka wapi, lakini mimi naamini ilikuwa bei ya kutoaminiwa. Na tulipata nafuu, kwa maana bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa, na jambo zito likifichwa, hata kwa kusahau, aliyebeba hatari anaweza kuukana mkataba. Hebu fikiria kama lingegunduliwa mwezi Machi, baada ya basi jingine.

Ndugu msomaji, itazame tena ile safu ya nne, ya akiba ya madai. Hasara ya mwaka wa nne, ambayo malipo yake ni milioni 20 tu, ilikuwa imefichwa vile vile na daftari la malipo. Madai ya majeruhi huchelewa: mtu hutibiwa, hupona nusu, hutafuta wakili, na hukumu huja baada ya miaka. Kwa hiyo miaka ya karibuni siku zote huonekana safi kuliko ilivyo. Mtu wa bima mtawanyo analijua hilo, na akiona muhtasari usio na akiba hadhani kwamba una bahati. Anadhani kwamba unaficha.

Utauliza kwa nini niliziweka hasara za milioni 38 na milioni 30, ambazo hazikugusa mkataba. Niliorodhesha kila hasara iliyofika nusu ya kiwango chetu, yaani milioni 25 na kuendelea. Hasara ya milioni 38 ya mwaka wa pili, ikitokea leo, kwa gharama za leo za hospitali na mishahara ya leo ambayo mahakama huitumia kukadiria fidia, inaweza kuvuka milioni 50. Tena, ukitaka dalali akuombee masharti ya kubeba milioni 40 badala ya 50, orodha iliyoanzia milioni 50 haimsaidii, kwa sababu hasara zote za kati ya 40 na 50 hazimo. Ndiyo maana hasara huandikwa nzima kuanzia shilingi ya kwanza, na sehemu ya mkataba hukokotolewa pembeni.

Kuhusu mwaka, katika mkataba uliofuata tarehe ya ajali, kama wetu, hasara hukaa katika mwaka wa ajali. Tuliwahi kuwa na lori lililogonga tarehe 28 Desemba, nasi tukapata habari tarehe 9 Januari. Ofisi moja ililiandika mwaka mpya, na nyingine mwaka wa zamani, likahesabiwa mara mbili. Kagua hilo kabla dalali hajakagua.

Barua hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Aya niliyoitumia mwaka uliofuata, na ambayo bado naiona kuwa ndiyo moyo wa barua yote, kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Tunaomba mtupatie masharti ya kuuhuisha mkataba tajwa kuanzia tarehe 1 Januari, kwa msingi unaoisha wa milioni 150 juu ya milioni 50, na kwa msingi mbadala wa milioni 160 juu ya milioni 40. Tumeambatisha muhtasari wa hasara kwa mwaka wa ajali, ukionyesha malipo na akiba kama zilivyokuwa tarehe 30 Septemba, pamoja na maelezo ya kila hasara inayofika milioni 25. Mabadiliko yoyote yatakayotokea kabla ya masharti kukubaliwa tutawajulisha mara moja."

Sentensi ya mwisho si pambo. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, mahakama iliamua kesi moja ya basi kwa kiasi kidogo kuliko akiba yetu, nami nikamwandikia dalali siku ile ile kwamba akiba imeshuka kutoka milioni 95 hadi 70. Sehemu ya mkataba katika hasara hiyo ilishuka kutoka 90 hadi 65. Kampuni kiongozi ilipunguza kiwango chake bila sisi kuomba, na afisa yule yule aliyenigundua ndiye aliyeandika barua ya kukubali.

Binti wa Kigoma nimemjibu kwamba apeleke vyote viwili, kila kimoja katika safu yake, na tarehe juu ya ukurasa. Jioni akanirudia: ana faili la ajali ya Uvinza ambalo akiba yake haijaguswa tangu lilipofunguliwa, milioni 12, na majeruhi amekatwa mguu mwezi uliopita. Nimemwambia aache muhtasari kwanza, akamwone meneja wake, wairekebishe akiba hiyo kesho asubuhi.